Kuandaa rekodi kwa ajili ya CD: sampuli kwanza, biti mwisho

Tuseme kwaya imerekodiwa kwa sampuli 96,000 kila sekunde, kila sampuli ikiwa na biti 24. CD hupokea sampuli 44,100 za biti 16. Hapo kuna kazi mbili: anza na sampuli, na biti zipunguzwe mwisho kabisa, mara moja tu.

Kupunguza sampuli si kutupa za ziada. Sampuli 44,100 haziwezi kubeba sauti inayopita nusu ya idadi hiyo, yaani hezi 22,050, na sauti ya juu zaidi isipochujwa kabla haipotei, hurudi chini. Mlio wa matoazi wa hezi 30,000, ambao sikio halikuusikia, utajitokeza kwenye hezi 14,100, na huo utasikika bila kuwa na uhusiano wowote na wimbo. Kuijaribu programu yako ni rahisi: ipe mlio unaopanda polepole hadi hezi 40,000, kisha utazame picha ya masafa ya faili iliyotoka. Mstari upande na kutoweka karibu na 22,000. Ukigeuka kushuka, tafuta programu nyingine.

Sasa biti. Biti 16 zina ngazi 65,536 tu, kwa hiyo kila thamani lazima ikae kwenye ngazi iliyo karibu. Wimbo ukiwa na nguvu, kosa hilo halisikiki. Tatizo liko mwishoni, mwangwi unapofifia: thamani ya 0.3 ya ngazi hugeuka sifuri kila mara, na kabla ya kukatika sauti huwa na mikwaruzo, kwa sababu kosa linafuata umbo la wimbo wenyewe.

Dawa yake ni ditha, yaani kuongeza kelele ndogo ya kubahatisha kabla ya kukadiria. Thamani ile ya 0.3 sasa mara nyingine hupanda hadi 1 na mara nyingine hubaki 0, lakini wastani wake unabaki 0.3. Mwangwi unaendelea kusikika chini ya ngazi ya mwisho, ukiwa ndani ya mvumo mwembamba usiobadilika. Kelele inayotumika zaidi hupatikana kwa kujumlisha namba mbili za bahati nasibu, upana wake ngazi mbili; ikiwa nyembamba zaidi, mvumo hupanda na kushuka pamoja na muziki.

Kwa SoX:

```
sox kwaya.wav -b 16 cd.wav gain -1 rate -v 44100 dither
```

`gain -1` inaacha nafasi, maana kichujio huweza kuinua vilele vikapita kikomo. Kukagua, kata sekunde za mwisho za wimbo, zipandishe desibeli 40, usikilize kwa spika za masikioni (sauti ikiwa chini!). Mvumo laini ni sawa; mikwaruzo ina maana ditha haikuwekwa. Faili ikienda MP3, kipe kisimbaji biti 24 zilivyo.