Kukadiria Bei ya Hati Fungani Riba ya Soko Ipandapo

Tuchukue mfano wa chama cha ushirika cha Chang'ombe chenye hati fungani ya Serikali ya sh. 10,000,000, iliyobakiza miaka 10. Riba yake ni asilimia 10 kwa mwaka, hulipwa kila miezi 6. Riba ya soko nayo ilikuwa asilimia 10, hivyo bei ilikuwa sawa na thamani ya hati. Sasa soko ladai asilimia 11. Je, chama kikiiuza leo kitapoteza kiasi gani?

Kipimo cha kwanza ni muda wa wastani uliorekebishwa, ambao kwa hati hii ni 6.23. Ukiuzidisha kwa 0.01 wapata mshuko wa asilimia 6.23, yaani sh. 623,000.

Lakini bei haishuki kwa mstari ulionyooka. Kadiri riba ipandavyo, mshuko hupungua kasi. Kipimo cha pili, mbinuko, hurekebisha jambo hilo. Hapa ni 52.8. Nusu yake, 26.4, huzidishwa kwa 0.01 mara mbili, ikatoa 0.00264, yaani sh. 26,400 za kupunguza katika hasara. Hasara ikadiriwayo basi ni sh. 596,600. Hesabu kamili ya malipo yote hutoa sh. 597,519.

Katibu asahauye kugawa mbinuko kwa mbili atapunguza sh. 52,800, na hasara itaonekana ndogo kuliko ilivyo. Aidha, njia hii hupotoka riba ipandapo mno. Chama kisichouza hulipwa thamani kamili hati iivapo.