Ombi Moja, Barua Mbili: Heshima kwa Ofisi na Heshima kwa Mzee

Tuchukue mfano mmoja. Kikundi cha vijana kinataka kufanya mashindano ya mpira katika uwanja wa kata, na njia ya kuufikia uwanja huo inapita katika shamba la mzee mmoja. Katibu wa kikundi anapaswa kuandika barua mbili: moja kwa Mtendaji wa Kata, nyingine kwa mzee.

Tuanze na ofisi. Barua hii haiandikiwi mtu bali cheo, kwa hiyo anwani ni “Mtendaji wa Kata”, hata kama katibu anamfahamu kwa jina. Inafuata “Ndugu,” na kisha “YAH: OMBI LA KUTUMIA UWANJA WA KATA”. Wengi huongeza “Mheshimiwa” wakidhani wanazidisha heshima. Nchini Tanzania neno hilo huelekezwa zaidi kwa viongozi kama mbunge, diwani, waziri au jaji. Mtendaji ni mtumishi wa umma, na “Ndugu” linamtosha. Tangu zama za Ujamaa limekuwa neno rasmi la kumwita mwananchi na mtumishi.

Sentensi ya kwanza nayo ina mtego. Tumezoea kuandika “Husika na somo tajwa hapo juu” au “Rejea kichwa cha habari”. Tukitazama sarufi, hizo ni amri: mwombaji anamwamuru afisa. Ni afadhali kwenda moja kwa moja: “Kikundi chetu kinaomba kibali cha kutumia uwanja wa kata kwa mashindano ya siku mbili.” Kisha zitajwe tarehe, saa na atakayesimamia usafi. Mwisho ni “Wako mtiifu”, sahihi, jina na cheo.

Kwa mzee mpangilio hugeuka. Ombi likitangulia, barua inasomeka kama madai. Katibu ataanza: “Babu, shikamoo. Natumaini u mzima, na nyumbani wote hawajambo.” Ndipo aseme: “Babu, tunakuja kwako na ombi. Tungependa utukubalie wachezaji wapite pembezoni mwa shamba lako. Tutaweka kamba ili mtu asikanyage mahindi.” Neno “tungependa” linamwachia mzee nafasi ya kukataa bila kuaibika, na ahadi ya kamba inaonyesha kwamba hasara yake imefikiriwa. Mwisho ni “Mjukuu wako” na jina, bila cheo, maana mbele ya babu ukatibu hauna uzito. “YAH” haina nafasi hapa, kama vile “shikamoo” isivyo na nafasi katika barua ya ofisi.

Unatambuaje kwamba kiwango ni sahihi? Fikiria anayeandikiwa amehama na mwingine ameshika nafasi yake. Barua ya ofisi inapaswa kumfaa huyo mpya bila kubadilisha neno. Ikiwa haimfai, umemwandikia mtu. Barua ya mzee ikiweza kupelekwa kwa mzee mwingine yeyote bila kuguswa, basi bado hujamwandikia yeye.