Duka nililifunga Beni, kiungo kikabaki wazi

Nilipohamisha vitenge vyangu kutoka Kilokwa, Beni, kuja Butembo, nilidhani nimemaliza. Deni la nyumba nililipa, kibao nikakishusha, funguo nikamrudishia mwenye nyumba. Miezi mingi baadaye mteja wangu wa Kasindi akanipigia kwa namba mpya, akiwa amekasirika: "Mama, mbona nimekuandikia juu ya bei ukanijibu hunijui?"

Hakuwa ameniandikia mimi. Alibonyeza kiungo kilicho chini ya jina langu kule Instagram:

```
https://wa.me/243XXXXXXXXX
```

Kiungo cha namna hii hakijui duka wala mtu. Kinajua namba tu. Ile kadi ya simu ya Beni niliiacha bila kuweka salio, kampuni ikaifunga, kisha ikamuuzia mtu mwingine namba ileile. Aliyeipata alikuwa mwanafunzi wa Oicha, na kila wiki watu walimwuliza bei ya vitenge.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, kijaribu kiungo chako mwenyewe ukitumia simu ya mtu mwingine. Usitumie yako, kwa kuwa humo namba zimehifadhiwa kwa majina yako na zitakudanganya. Ukiona picha usiyoijua, namba ina mwenyewe mpya. Ukiambiwa kwamba namba hiyo haiko WhatsApp, bado hakuna aliyeichukua pale, lakini mteja amekwama mlangoni vilevile.

Kukiondoa kwenyewe ni kazi ya dakika moja. Simu nyingi kwetu zinasoma Kifaransa, basi nitaandika kama inavyoonekana: ingia kwenye wasifu wako, `Modifier le profil`, kisha `Liens`, gusa kiungo cha zamani, halafu `Supprimer le lien`. Ukiweka kipya, andika 243 na tarakimu tisa zinazofuata, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo. Mimi niliiweka sifuri mara ya kwanza na kiungo kikagoma.

Nikafurahi mapema. Siku mbili baadaye mteja mwingine akaangukia kwa mwanafunzi yuleyule. Akaunti yangu ilikuwa ya biashara, na akaunti hizo zina kitufe cha mawasiliano ambacho hakitegemei kile kiungo hata kidogo. Namba yake inakaa palepale `Modifier le profil`, lakini chini ya `Options de contact`. Ifute na huko.

Lakini kabla ya hayo yote, shida iliyonitoa jasho ilikuwa kuingia. Simu niliyokuwa nayo haikuwa na akaunti, na nilipoandika neno la siri, Instagram ilisema imetuma tarakimu za kuhakikisha kwa namba ya Beni. Yaani zilikwenda Oicha! Ningeweza kumwomba kijana anisomee, ila siku hiyo bado sikumjua, na namba ya siri si kitu cha kumwomba mtu usiyemjua. Kilichoniokoa ni simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, aliyokuwa akichezea mdogo wangu: akaunti ilikuwa bado imefunguliwa humo. Sikuthubutu kutoka. Nilikwenda `Espace Comptes`, `Informations personnelles`, `Coordonnées`, nikaongeza namba ya sasa, nikaihakikisha, ndipo nikaifuta ile ya kale. Kisha nikaangalia pia `Mot de passe et sécurité`, kwa sababu namba ya kupokea tarakimu za kuingilia inaweza kuwa imeandikwa huko peke yake. Anayefunga duka leo afanye hili kwanza, kadi ya zamani ikiwa bado inapokea ujumbe.

Facebook ilikuwa na mtego wake. Wasifu wangu binafsi ulisema mimi ni mwenye duka la Beni, na jina la duka lilipeleka watu kwenye ukurasa niliouacha. Sikulifuta lile duka katika historia yangu ya kazi, maana nililifanyia jasho. Niliondoa tu alama inayosema bado niko hapo, likageuka kazi ya zamani. Ukurasa wenyewe niliuomba ufutwe, na Facebook inakupa siku 30 za kubadili mawazo kabla ya kuufuta kabisa.

Kwenye ramani ya Google usikimbilie kujitoa. Ukijiondoa kwenye usimamizi, alama ya duka inaweza kubaki kwenye ramani watu wakiiona, na wewe huna tena mkono juu yake. Kwanza liandike `Définitivement fermé`.

Hayo yote hayagusi matangazo ya zamani yaliyokwisha kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Yule mwanafunzi bado hupata mmoja mmoja, hunitumia namba ya mteja, nami humtumia salio la simu.