Sekunde Hazina Mji

Watu wengi waonapo tarehe katika kioo cha kompyuta hudhani kwamba ndani ya mashine mmeandikwa tarehe ile ile, kwa maneno yale yale. Mara nyingi sivyo. Kompyuta nyingi huweka wakati kwa namba moja tu, nayo ni hesabu ya sekunde zilizopita tangu saa sita ya usiku kuamkia tarehe 1 Januari 1970, kwa saa za dunia ambazo kwenye kioo huandikwa UTC. Desturi hii yatokana na mtambo wa Yuniksi, na kila siku huhesabiwa kuwa ina sekunde 86,400. Tarehe tuisomayo hutengenezwa kutoka katika namba hiyo wakati wa kuonyeshwa tu. Nataka kueleza tofauti ya vitu hivi viwili, maana asiyeijua aweza kuharibu kumbukumbu za watu na asitambue.

Tuanze na namba iliyo rahisi kukumbuka, sekunde 1,000,000,000. Katika kompyuta ya shule nilitoa amri mbili. Ya kwanza yauliza namba hiyo husomwaje Dar es Salaam, na ya pili husomwaje Toronto, katika nchi ya Kanada:

```
TZ=Africa/Dar_es_Salaam date -d @1000000000 '+%F %T'
2001-09-09 04:46:40

TZ=America/Toronto date -d @1000000000 '+%F %T'
2001-09-08 21:46:40
```

Tazama vizuri, msomaji. Dar es Salaam ilikuwa Jumapili, tarehe 9 Septemba 2001, saa kumi na dakika 46 alfajiri. Toronto ilikuwa bado Jumamosi, tarehe 8, saa tatu na dakika 46 usiku. Saa zatofautiana, hata siku ya juma yatofautiana, lakini namba ni moja. Kama baba aliyekuwa Dar es Salaam alikuwa akizungumza kwa simu na mwanawe aliyekuwa Toronto, basi neno alilolitamka dakika ile lilisikika huko dakika ile ile. Wakati wao ulikuwa mmoja. Kalenda zao ndizo zilizokuwa mbili. Namba ya sekunde yataja ule wakati mmoja. Haina asubuhi wala usiku, haina Jumapili, wala haina mji. Vyote hivyo huletwa na ukanda wa saa, yaani kiasi ambacho saa za mahali zimetangulia au zimechelewa nyuma ya saa za dunia. Sisi wa Afrika ya Mashariki tumezitangulia kwa saa tatu.

Sasa tugeuze njia. Tuseme mtu ameandika `2001-09-09 04:46:40` katika faili, akaipeleka kwenye mashine nyingine ambayo imewekwa kusoma saa za dunia. Mashine hiyo itaulizwa, maandishi haya ni sekunde ngapi?

```
TZ=UTC date -d '2001-09-09 04:46:40' +%s
1000010800
```

Tulianza na 1,000,000,000, nasi tumerudishiwa 1,000,010,800. Zimezidi sekunde 10,800, ambazo ni saa tatu kamili. Mashine haikukosea hesabu. Maandishi yale hayakusema ni saa kumi alfajiri ya wapi, nayo ikachukua ukanda iliokuwa nao. Ni kama mtu akikuandikia barua, "Nipokee stesheni saa mbili," bila kusema ni asubuhi au usiku. Utakwenda, lakini pengine utangoja saa kumi na mbili. Kama maandishi yangalikuwa `2001-09-09T04:46:40+03:00`, pasingalikuwa na shaka, kwa sababu zile alama za mwisho zaeleza kwamba saa hizo zimetangulia saa za dunia kwa tatu. Maandishi ya namna hiyo yana nguvu sawa na namba.

Jambo hili laweza kumgusa mwanafunzi moja kwa moja. Nilipata kuonyeshwa orodha moja ya watahiniwa ambamo tarehe za kuzaliwa zilikuwa zimerudi nyuma siku moja. Aliyezaliwa tarehe 12 Machi 2008 aliandikwa 11 Machi. Tarehe isipolingana na cheti cha kuzaliwa, mtoto na mzazi wake watakuwa na safari nyingi za kwenda kusahihisha. Sababu yake ilikuwa hii. Programu iliyopokea majina iliigeuza kila tarehe kuwa sekunde, ikihesabu kwamba siku yaanza saa sita ya usiku ya kwetu. Kwa tarehe 12 Machi 2008 ilipata 1,205,269,200. Lakini saa sita ya usiku kwetu, saa za dunia ni saa tatu ya usiku wa siku iliyotangulia. Orodha ilipochapwa na mashine nyingine iliyosoma UTC, namba ile ile ikatoka kuwa 11 Machi, saa 21:00, kisha saa ikakatwa, ikabaki tarehe peke yake. Kwa hiyo hakuna aliyeona dalili ya kosa.

Mtu mmoja alishauri kila namba iongezwe 10,800 ili mambo yakae sawa. Dawa hiyo yaficha ugonjwa tu. Namba mpya itakuwa 1,205,280,000, nayo katika mashine ya UTC itatoa 12 Machi kweli. Lakini namba ile sasa yataja wakati mwingine, uliochelewa kwa saa tatu, na ikisomwa Toronto bado itatoa 11 Machi, saa mbili ya usiku. Ukitaka saa za mahali, badilisha ukanda wakati wa kuonyesha; namba yenyewe usiiguse.

Dawa ya kweli ni kutambua kwamba tarehe ya kuzaliwa, jinsi inavyoandikwa katika cheti, si dakika fulani katika mwendo wa dunia. Ni jina la siku. Aliyezaliwa 12 Machi hubaki wa 12 Machi hata akihamia Toronto. Kwa hiyo iandikwe `2008-03-12`, bila saa, wala isigeuzwe kuwa sekunde. Sekunde zafaa kwa mambo yaliyotukia kwa dakika yake: fedha zilipotumwa kwa simu, barua ilipopokewa, au faili lilipobadilishwa.

Anayetaka kujua kama kosa la namna hii limeingia katika kazi yake aangalie mambo mawili. Kwanza, atoe saa aliyoitarajia katika saa aliyoiona. Tofauti ikiwa saa tatu kamili, bila dakika wala sekunde kuzidi, kwanza ashuku ukanda. Pili, aiulize programu ionyeshe sekunde 0. Ikitoa 1 Januari 1970 saa 00:00, yasoma saa za dunia. Ikitoa 03:00, ambayo ni saa tisa ya usiku kwetu, yasoma saa za Afrika ya Mashariki. Jaribio hili halichukui hata dakika moja, na lafaa lifanywe kabla ya orodha kuchapwa.