Tangazo la mchango kwa wanachama walio ng'ambo: tarehe, saa na kiasi visipotee kwenye tafsiri

Vikundi vingi vya Kawangware na Kibera vina wanachama walioenda Uingereza, Marekani, Ujerumani au nchi za Ghuba. Kukiwa na msiba, tangazo linaandikwa kwa Kiswahili, kisha mtu analitafsiri kwa Kiingereza ili na watoto waliokulia huko walielewe. Maneno ya pole hutafsirika vizuri. Kinachopotea ni tarehe, saa na kiasi, na hapo ndipo pesa hufika mazishi yakiwa yameisha.

Tuchukue mfano. Kikundi cha wadi ya Kabiro kinachangia mazishi ya mwanachama wao. Mwili utatoka Nairobi Ijumaa usiku kwenda Kakamega, na mazishi ni Jumamosi. Bili ya mochari na gari lazima zilipwe Ijumaa asubuhi. Katibu ameandika hivi:

"Wapendwa, mchango wa mazishi ya mama yetu. Lengo 240k, tuko na 151k. Walio majuu watoe 10k kila mtu. Mwisho ni 10/9 saa mbili usiku. Mazishi 12/9."

Kwa mtu wa Kabiro, tangazo hili liko sawa. Sasa tulisome kama mtu aliye mbali.

Tarehe

Marekani wanaanza na mwezi. Kwa hiyo 10/9 kwao ni tarehe 9 Oktoba, si 10 Septemba, na 12/9 ni tarehe 9 Desemba. Anayesoma hivyo ataona ana mwezi mzima wa kujipanga, na hatauliza swali lolote kwa sababu tarehe zote mbili ziko mbele yake.

Dawa yake ni kuandika jina la mwezi, na kuongeza siku ya wiki: Alhamisi, 10 Septemba 2026. Siku ya wiki ni kama shahidi. Tarehe 9 Oktoba 2026 ni Ijumaa, kwa hiyo anayeikosea tarehe ataona hailingani na Alhamisi, na atauliza.

Saa

Hili ndilo kosa la tafsiri tunaloliogopa zaidi. Saa mbili usiku yetu ni saa 20:00. Mtafsiri mwenye haraka, au programu ya simu, huweza kuandika mbili ya usiku kwa hesabu ya Kiingereza, yaani 02:00. Msomaji akidhani ni usiku wa kuamkia Ijumaa, amechelewa saa sita. Akidhani ni usiku wa kuamkia Alhamisi, ataona muda umekwisha saa kumi na nane kabla ya wakati, na pengine ataacha kabisa kutuma.

Andika saa kwa mfumo wa saa 24 na utaje Nairobi, kisha mfanyie msomaji hesabu. Alhamisi hiyo, 20:00 ya Nairobi itakuwa:

- Doha na Riyadh: 20:00
- Dubai na Maskati: 21:00
- Berlini: 19:00
- London: 18:00
- Boston: 13:00
- Minneapolis: 12:00 mchana

Usihifadhi orodha hii kwa matangazo ya mwaka mzima. Ulaya wanarudisha saa nyuma mwishoni mwa Oktoba na Marekani mwanzoni mwa Novemba. Baada ya hapo London huwa nyuma yetu kwa saa tatu badala ya mbili.

Kuna jambo la pili: je, mwisho ni wa kutuma ama wa kufika? Kinacholipa mochari ni pesa iliyofika. Huduma nyingine hufikisha pesa kwa dakika chache, lakini uhamisho wa benki huchukua siku za kazi. Kwenye mfano wetu, Jumatatu 7 Septemba 2026 ni sikukuu ya wafanyakazi Marekani na benki zimefungwa. Mtu atakayeanza uhamisho wa benki Jumamosi tarehe 5 huenda usianze kusonga hadi Jumanne tarehe 8. Ndiyo maana tangazo linahitaji tarehe mbili: ya kutuma kwa benki, na ya pesa kuwa imefika.

Kiasi

"10k" bila jina la pesa ni hatari. Kijana aliyezaliwa Marekani anaweza kusoma dola elfu kumi akashtuka na kunyamaza. Hata neno "shilingi" peke yake halitoshi, kwa sababu Tanzania na Uganda pia wana shilingi. Kwenye skrini ya kutuma pesa, ya Kenya huonekana kama KES, kwa hiyo andika herufi hizo. Ongeza pia kiasi kwa maneno: Wajerumani hutumia nukta kutenga maelfu na koma kwa desimali, na 10,000 yetu inaweza kusomeka kwao kama kumi tu.

Kisha sema kama KES 10,000 ni ya kutumwa au ya kupokelewa. Ada na bei ya kubadilisha pesa hutofautiana kati ya huduma na huduma. Mwambie msomaji aangalie mstari unaoonyesha kiasi atakachopata mpokeaji, na huo ndio usome KES 10,000.

Mwisho, "tuko na 151k" ni pesa ama ahadi? Tuseme mweka hazina amepokea KES 118,000, na KES 33,500 zimeahidiwa. Jumla ni 151,500, lakini mochari haipokei ahadi. Pengo la kweli ni KES 122,000, si 88,500. Mtafsiri akichanganya hizo mbili, walio nje wataona kazi imekaribia kuisha.

Tangazo lililonyooka

Hili hapa toleo la Kiswahili ambalo hata mtafsiri mwenye haraka hataliharibu:

"Mchango wa mazishi. Mazishi: Jumamosi, 12 Septemba 2026, Kakamega.
Lengo: KES 240,000. Zilizofika: KES 118,000. Ahadi: KES 33,500. Bado kufika: KES 122,000, pamoja na ahadi.
Mwanachama aliye nje: KES 10,000 (shilingi elfu kumi za Kenya), baada ya ada.
Pesa iwe imefika: Alhamisi, 10 Septemba 2026, 20:00 saa za Nairobi.
Ukituma kwa benki: anza kabla ya Ijumaa, 4 Septemba 2026.
Tuma kwa: nambari na jina la mweka hazina kama lilivyosajiliwa."

Kuhusu nambari: mtafsiri ainakili, asiiandike upya. Huduma nyingi za kutoka nje hutuma kwa laini ya simu au akaunti ya benki, na si zote zinazofika kwenye Paybill, kwa hiyo mtu mmoja ajaribu na kiasi kidogo kabla tangazo halijasambazwa. Jina linaloonekana kwenye skrini lilingane na lililo kwenye tangazo. Lisipolingana, usitume. Piga simu kwa katibu kwa nambari uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyo kwenye ujumbe, kwa sababu matapeli hubadilisha nambari moja tu na kuacha maneno mengine yote.

Kabla ya kusambaza tafsiri, mtu ambaye hakuiandika aisome na kujibu: siku gani, saa ngapi Nairobi, shilingi ngapi zifike, na kwa nani. Majibu yake yakilingana na tangazo la Kiswahili, tuma.