Tahajia Isikudanganye: Kunukuu Maneno ya Kiingereza kwa Alama za Kifonetiki

Mtahiniwa anapoulizwa neno la Kiingereza linalotamkwa sawa na *sword*, mara nyingi huacha pengo. Si kwamba halijui jibu. Jibu, *soared*, amelisoma mara nyingi katika hadithi za ndege. Tatizo ni kwamba kichwani mwake *sword* lina sauti ya *w*, kwa sababu anaiona. Anatafuta jibu kwa macho ilhali swali linauliza masikio.

Mazoea haya tumeyatoa katika Kiswahili. Neno *kitabu* lina herufi sita na sauti sita, ukiliona umelitamka. Hata hivyo, kumbuka kwamba *shamba* lina herufi sita lakini sauti tano, kwa kuwa *sh* ni sauti moja. Herufi ni alama ya kuandikia. Sauti ni kile kinachotoka kinywani. Katika Kiingereza, pengo kati ya viwili hivi ni pana zaidi.

Kwa nini pengo hilo lipo?

Kwanza, matamshi yalibadilika, tahajia ikabaki. William Caxton alianzisha uchapishaji Uingereza mwaka 1476, na vitabu vikazoesha watu namna moja ya kuandika. Zamani *k* na *gh* katika *knight* zilitamkwa. Sauti hizo zilipotea, lakini herufi zake zikasalia. Hata *w* ya *sword* ilitamkwa zamani.

Pili, wasomi waliongeza herufi ambazo hazikuwahi kutamkwa. Neno *debt* lilitoka Kifaransa bila *b*. Herufi hiyo ilitiwa baadaye ili neno lifanane na *debitum* la Kilatini. Kwa hiyo anayetamka *b* hiyo anatamka pambo.

Hatua za kunukuu

Tutumie *sword*.

1. Sikiliza neno, au tazama matamshi yake katika kamusi. Usianze na herufi.
2. Hesabu sauti. Hapa ni tatu tu: *s*, irabu ndefu, na *d*. Herufi *w* haitamkwi, na *r* pia haitamkwi katika matamshi sanifu ya Uingereza tunayofuata hapa. Mmarekani huitamka, kwa hiyo kamusi ya Marekani itakupa unukuzi tofauti.
3. Ipe kila sauti alama moja, kisha uweke unukuzi kati ya mikwaju: /sɔːd/. Nukta mbili zinaonyesha kwamba irabu ni ndefu.
4. Hakiki. Je, idadi ya alama inalingana na idadi ya sauti ulizohesabu?

Sasa nukuu *soared*: /sɔːd/. Nukuu *sawed*: /sɔːd/. Tahajia tatu, unukuzi mmoja. Jibu lililokuwa limejificha sasa liko wazi.

Kinyume chake pia hutokea: tahajia moja, sauti nyingi. Tazama *ough*:

- *tough* /tʌf/
- *cough* /kɒf/
- *though* /ðəʊ/
- *through* /θruː/
- *bough* /baʊ/

Alama mbili kama /əʊ/ na /aʊ/ ni irabu unganifu. Kila moja huhesabiwa kuwa sauti moja. Kwa hiyo *through* lina herufi saba na sauti tatu.

Tahadhari. Alama /j/ husimamia sauti ya *y* katika neno la Kiswahili *yai*. Hivyo *yes* ni /jes/, wala si /yes/. Nayo herufi *x* katika *box* ni sauti mbili: /bɒks/.

Zoezi

A. Taja idadi ya herufi na ya sauti, kisha unukuu:
1. *debt*  2. *knight*  3. *queue*  4. *yacht*  5. *tomb*

B. Andika neno jingine lenye unukuzi huu:
1. *knight* /naɪt/  2. *aisle* /aɪl/  3. *bough* /baʊ/

C. Mwanafunzi alinukuu *castle* hivi: /kastle/. Taja makosa matatu.

Majibu

A. 1. Herufi 4, sauti 3: /det/. 2. Herufi 6, sauti 3: /naɪt/. 3. Herufi 5, sauti 3: /kjuː/. 4. Herufi 5, sauti 3: /jɒt/. 5. Herufi 4, sauti 3: /tuːm/.

B. 1. *night*  2. *isle*  3. *bow*, kwa maana ya kuinamisha kichwa. Likiwa na maana ya upinde, *bow* hutamkwa /bəʊ/, na jibu hilo halitafaa.

C. Irabu ya kwanza ni ndefu, /ɑː/, *t* haitamkwi, na *e* ya mwisho haitamkwi. Unukuzi sahihi ni /ˈkɑːsl/. Alama iliyo mwanzoni inaonyesha silabi yenye mkazo.

Ukikosea katika A, rudi kwenye hatua ya pili. Karibu kila kosa la unukuzi huanzia hapo, pale mwanafunzi anapohesabu herufi akidhani anahesabu sauti.