Je, diski ya kuzunguka bado yafaa kwa gemu?

Swali: Nina kompyuta ya mezani hapa Wote, Makueni, yenye diski ya kuzunguka. GTA V inakawia kufunguka. Ninunue SSD?
Msomaji, Wote

Jibu: Ndugu msomaji, kwa GTA V, ya mwaka 2015 kwenye kompyuta, diski yako inatosha ukiwa na subira. Tatizo ni kwamba gemu husoma vipande vingi vilivyotawanyika. Sahani ikizunguka mara 7,200 kwa dakika, kila kipande huisubirisha sindano takriban milisekunde 13, yaani vipande kama 75 tu kwa sekunde. SSD haina kinachozunguka. Hukifikia kipande kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde.

Gemu mpya kama Starfield, ya 2023, zinataka SSD kabisa. Kwenye diski ya kuzunguka, picha hukwama ukitembea na kuta huchelewa kuchorwa.

Kabla ya kununua, fungua Task Manager ukicheza. Disk ikikaa 100% wakati picha zinakwama, SSD itakusaidia. Ikiwa GPU ndiyo iliyojaa, SSD haitaongeza kasi ya picha. Ukinunua, SSD ya SATA yatosha. Diski ya zamani iachie filamu na picha.